Barua ya kufunga kazi: tarehe ipi, pesa ngapi?

"Jengo la Nyali tumekabidhi, ila reli za roshani hazijapakwa rangi ya mwisho. Barua ya kufunga kazi niandike sasa, na pesa zilizozuiliwa nidai zote?"

Andika sasa, kaka, ila usidai zote. Anayesema miezi sita ya kurekebisha kasoro ihesabiwe tangu barua ipokewe amepatia nusu: miezi ni sita kama mkataba wenu unavyosema, lakini hesabu inaanza tarehe iliyo kwenye cheti cha msanifu cha kukamilika kwa kazi. Kikiandikwa 14 Machi, kipindi cha kurekebisha kasoro kinaisha 14 Septemba. Taja tarehe zote mbili.

Mkataba ukiwa wa milioni 20 na zimezuiliwa asilimia 5, yaani milioni 1, kwa kawaida cheti kinafungua nusu. Dai 500,000. Nyingine hutoka kasoro zikishatengenezwa.

Reli ziweke kwenye orodha ya kazi zilizobaki, na siku ya kumaliza. Usiziite kasoro, maana hujazimaliza. Kutu ikitokea Julai kwa hewa hii ya chumvi, hapo ndipo ugomvi: rangi mbovu ni juu yako, uchakavu si wako, na msanifu ndiye atakayeamua. Reli zikishapakwa, zipigeni picha msanifu akiwapo.