Sikusoma wala sikulala, nilikuwa napanga madesa

Swali la wiki: "Usiku wa kuamkia mtihani, kukesha na vitabu au kulala mapema? Wewe ulifanyaje?"

Mimi sikufanya lolote kati ya hayo mawili, na nimeandika kwa sababu swali lenu limenikuta siku mbaya. Jana mdogo wangu wa kike, yuko mwaka wa pili wa udaktari, kanipigia analia. Ana picha 1,140 za madesa kwenye simu, zimechanganyika kama maharage na mchele, na pepa ya kwanza ni Jumatatu. "Kaka, nianzie wapi?" Nikamjibu kwa ukali kuliko ilivyostahili, nikakata simu. Usiku nikakosa usingizi.

Mwaka 2018, mwezi wa saba, mimi nilikuwa yeye. Chuo sikitaji, Dar es Salaam kila mtu anajua vilipo. Kesho yake saa 3 asubuhi tuna biokemia, inafuata fiziolojia, kisha anatomia. Mimi nina picha 386. Nilikaa nyuma darasani semista nzima nikipiga picha ubao na slaidi, najiambia nitaandika jioni. Jioni ile ilifika ikiwa imebaki usiku mmoja.

Picha zangu mwenyewe hazikunisumbua. Kamera ya simu yangu huandika tarehe na saa kwenye jina la faili, kitu kama IMG_20180516_101422.jpg, kwa hiyo ukiwa na ratiba ya vipindi mkononi unajua tarehe 16 Mei saa 4 asubuhi alikuwa anafundisha nani. Picha mia mbili hivi nilizigawa kwa mtindo huo bila hata kuzifungua. Balaa lilikuwa zile za WhatsApp. Picha ikishapita huko, jina lake linakuwa IMG-20180708-WA0031.jpg, na tarehe hiyo ni ya siku uliyoipokea wewe, si siku ya kipindi. Saa iliyokuwa imefichwa ndani ya faili nayo haipo tena. Laiti mtumaji angezituma kama dokumenti, zingefika na jina lake na saa yake. Lakini nani anakumbuka hayo wakati kundi zima linapiga kelele "tuma, tuma"?

Picha hizo zilitoka kwenye kaunta buku moja, la dada mmoja wa darasani kwetu mwenye mwandiko kama wa mashine. Nusu ya darasa tulipita mwaka wa pili kwa mkono wake. Naye alikuwa na mtindo ambao waliosoma shule zetu wanaujua: somo moja analianzia mbele, somo la pili anageuza daftari kichwa chini na kuanzia nyuma, ili kaunta buku moja lifanye kazi ya mawili. Mbele biokemia, nyuma fiziolojia. Aliyepiga picha alizipiga zote daftari likiwa limelala upande mmoja, kwa hiyo fiziolojia ikatoka kichwa chini. Hapo ningesema Alhamdulillahi, zimejitenga zenyewe. Kumbe kuna msamaria mwema alizigeuza zote zisomeke, ndipo akazituma.

Kichwa cha somo kiko ukurasa wa kwanza tu wa kila mada. Kurasa nne zinazofuata zinaanza katikati ya sentensi. Mwandiko ni uleule, kalamu ileile ya bluu. Nilikaa kitandani na simu kwenye chaji, rumeti wangu anakoroma, nikafungua moja baada ya nyingine kama mtu anayetafuta hirizi.

Saa 6 na robo nikaona kitu. Kaunta buku lina ile nafasi tupu juu, kabla ya mstari wa kwanza. Ukiligeuza daftari ukaandika, nafasi ile inabaki chini. Basi ukurasa wowote unaosomeka wima na una nafasi tupu chini uliandikwa kutoka nyuma, na huo ni fiziolojia. Sikuhitaji tena kusoma kitu. Nafasi juu, biokemia. Nafasi chini, fiziolojia. Nilikwenda kwa kasi kama mchambua karafuu, na kwa muda wa saa nzima nilijiona ndiye mtu mwenye akili kuliko wote hosteli ile.

Halafu nikafika katikati ya daftari.

Masomo mawili yanapokutana katikati, kurasa zinakwisha, na yule dada alianza kuazima kwa jirani, somo moja likaingia upande wa jingine. Ukurasa mmoja ulikuwa na nafasi juu, kwa hiyo kwa kanuni yangu ni biokemia. Una mchoro mmoja wenye mistari miwili. Mmoja unapanda haraka kisha unapinda na kulala, wa pili unaanza kwa uvivu chini, unapanda katikati, ndipo unalala, kama herufi S iliyovutwa. Upande wa kushoto kuna 50 na 100. Maandishi ya chini, ambayo ndiyo yangesema kila kitu, yamefunikwa na dole gumba la mpiga picha.

Anayeijua biokemia keshacheka. Vimeng'enya huchorwa hivyohivyo. Kimeng'enya cha kawaida kinatoa mstari wa kwanza: ukiongeza malighafi, kasi inapanda mpaka vimeng'enya vyote vimeshikwa. Kile chenye vipande vinavyoambizana, kipande kimoja kikishika kinawarahisishia wenzake, kinatoa S. Lakini mioglobini ya misuli na himoglobini ya damu nazo huchorwa hivyohivyo. Mioglobini ina nafasi moja ya kushika oksijeni, mstari wake ni ule wa kwanza. Himoglobini ina nafasi nne zinazosaidiana, mstari wake ni S. Ukifunika maandishi ya chini, mchoro ni mmoja.

Nikatafuta ukurasa unaofuata. Nikapata mmoja ulioanza na maneno "kwenda kulia: joto, asidi". Nikasema haya, vimeng'enya, maana joto na asidi ndiyo nyimbo za vimeng'enya tangu kidato cha tano. Nikautia folda ya BIOKEMIA, kisha nikautoa. Mstari uliofuata ulitaja kabonidioksidi na 2,3-BPG, na hivyo viwili ni vya himoglobini: vyote vinaifanya iachie oksijeni kwa urahisi zaidi, mstari usogee kulia. Nikarudi kwenye dole gumba. Nikaikuza picha mpaka ukucha ukajaza skrini, na pembeni mwa ukucha pakatokea namba 27.

Sikuwahi kuifurahia namba namna ile. Kwa himoglobini ya mtu mzima mwenye afya, oksijeni ikiwa na shinikizo la karibu milimita 27 za zebaki, nusu ya nafasi zimejaa. Ndiyo ile 50 ya kushoto. Kwenye kimeng'enya, pale kushoto kungeandikwa kasi ya juu kabisa na nusu yake, na dada yule hakuwa mtu wa kuruka alama.

Bado sikuwa nimemaliza. Himoglobini ni folda ipi? Biokemia inaieleza kwa nini mstari ni S. Fiziolojia inauliza S hiyo inamsaidia nani, na jibu ni msuli unaokimbia: una joto, una asidi, una kabonidioksidi, na ndipo hasa oksijeni inapotakiwa kushuka. Nikainakili pande zote mbili. Nilipotazama saa ilikuwa saa 8 na dakika 40. Ukurasa mmoja ulikuwa umekula dakika arobaini.

Hapa ndipo nilipotaka kuwaambia wasomaji kwamba ule ulikuwa upuuzi, na nilipoanza kuandika nilikuwa na uhakika huo. Sasa sina. Nikiulizwa leo mgonjwa mwenye homa na asidi kwenye damu, himoglobini yake inafanyaje, sihitaji kukumbuka kitu, naona ukucha. Kurasa mia na kitu nilizozigawa kwa nafasi tupu ya juu na chini sikumbuki hata moja. Nilizipanga bila kuzisoma.

Lakini ngojeni, kuna lingine ambalo huwa silisemi.

Kama saa 9 hivi ilinijia picha yenye duara na mishale, kichwa hakuna, mwanga hafifu. Nikasoma neno moja, fumarati. Chini yake neno linaloanza "sitr", lililobaki limefifia. Fumarati, sitrati, duara: mzunguko wa Krebs, nao nilikuwa nao nakala nne tayari. Sekunde tatu tu, nikaitupa kwenye folda niliyoiita MARUDIO nikaendelea. Ulikuwa mzunguko wa urea. Fumarati hutoka huko pia, na neno lile lilikuwa sitrulini. Ndio ulikuwa ukurasa wangu pekee wa urea.

Mnakisia. Pepa ilikuja na swali la urea, nikaandika mistari miwili ya kubahatisha. Ilikuja pia na ile michoro miwili, safari hii ya vimeng'enya kweli, nikaijaza kurasa mbili mpaka msimamizi akanitazama. Nilipita biokemia kwa chupuchupu. Fiziolojia nilikula sapu, na siwezi kuisingizia picha, siku ile nilisinzia ndani ya chumba cha mtihani. Usiku mmoja bila kulala haulipwi na folda.

Kwa hiyo hukumu yangu, maana mmeomba: laleni. Aliye na wiki nzima apange mapema, kila faili alipe jina la somo, namba ya mada na namba ya ukurasa, na aandike 01, 02, si 1, 2, kwa sababu baadhi ya simu zikipanga kwa majina zinaweka 10 kabla ya 2 na kazi inaharibika upya. Aliye na usiku mmoja asipange kabisa, achukue mada tatu asome, alale. Isipokuwa, labda, kama ni mtu wa kufungua kila ukurasa anaoutilia shaka na kuugombania. Na kama ana uhakika nao, hapo ndipo aufungue mara ya pili. Lakini huyo naye saa ngapi atalala?

Asubuhi hii nilimpigia mdogo wangu kumwomba radhi na kumpa hukumu hiyohiyo: ziache picha, soma mada tatu, lala. Akasema, "Sawa kaka, nimeelewa." Nikanyamaza kidogo. Kisha nikamwuliza, hizo za kaunta buku, nafasi tupu iko juu au chini?