Nati za riveti zinazunguka kwenye skwea paipu

"Wakuu, nati za M6 nilizofunga kwenye skwea paipu ya keria zinazunguka nikikaza bolti. Kuna aliyeniambia nizibane zaidi kwa koleo la riveti. Nifanyeje?" (Mikindani)

Tundu limepwaya, mkuu. Aliyekwambia ubane zaidi kapatia nusu: tundu likiwa kubwa, ukizidi kubana unang'oa meno. Nati ya M6 ya duara kwa kawaida inataka tundu la milimita 9. Kwa tundu jipya, anza na biti ya 4, malizia na ya 9, kisha toa makali kwa tupa. Paka praima ukingoni kabla ya kuingiza, chumvi ya huko pwani haina huruma. Bana mpaka mkono usikie imegoma ghafla, acha hapo hapo. Matundu ya zamani panua kwa biti ya 11 uweke M8, kama upana wa paipu unaruhusu. Kuchomea nati inawezekana, ila paipu nyembamba hutoboka upesi.