Kukadiria asilimia kwa jicho

"Nikiona ukurasa uliotiwa kivuli sehemu tu, nakadiriaje asilimia haraka bila rula?"

Ukate kwa jicho nusu, kisha nusu ya nusu. Kivuli kikianzia chini na kuishia katikati ya alama ya 50 na ya 75, sema 62 hivi. Usahihi zaidi ya hapo jicho haliwezi.

Ndugu mwingine hapa kasema utazame tu kivuli kimefika wapi kwa upana. Sawa, ila kivuli kikifika nusu ya upana na nusu ya urefu, ni 25, si 50! Mimi huhamisha vipande kichwani hadi vijaze ukanda mmoja.

Dada uliyeuliza jinsi ya kulinganisha nguzo za chati kwa jicho: angalia kwanza kama mhimili unaanzia 0. Ukianzia 40, nguzo ya 60 itaonekana maradufu ya ile ya 50.