Mtaalamu akisema "sehemu kumi kwa bilioni", kamera ionyeshe nini?

Mtaalamu akikaa mbele ya kamera huongea kama anavyoongea na wenzake kazini. Ukimwambia "tafadhali tumia lugha rahisi", mara nyingi unaharibu: anaanza kujisahihisha katikati ya sentensi, au anageuka mwalimu wa chekechea na uso unakosa uhai. Siku hizi siombi lugha rahisi. Namwacha aseme istilahi zake zote, kisha kazi ya kuzifafanua naigawa sehemu mbili: sehemu moja naipata kwa swali la pili, nyingine kwa picha za kukatia, yaani bi-roli.

Mfano nitakaoutumia ni makala ya video kuhusu sumukuvu kwenye mahindi tuliyopiga mkoani Dodoma, kwa ajili ya wakulima na wanafunzi wa kilimo. Sumukuvu hutengenezwa na fangasi wanaoota kwenye nafaka na karanga. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, kwa hiyo watazamaji wetu hawakuhitaji kushawishiwa kwamba ipo. Walihitaji kuelewa mtaalamu anasema nini anapotaja vipimo.

Mambo ya kamera nitayapitia haraka. Mkalishe mtaalamu mbali na ukuta, na anayemhoji akae karibu kabisa na lenzi, macho yao yakiwa usawa mmoja. Umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo piga fremu 25 kwa sekunde na shata 1/50, la sivyo baadhi ya taa za maabara zitachezacheza kwenye picha. Maiki ya kubana kwenye nguo ikae mbali na shanga na kitambulisho cha shingoni. Mkimaliza, kila mtu anyamaze dakika moja urekodi ukimya wa chumba kile, maana utauhitaji kuziba mapengo utakapokata maneno. Na friji ya sampuli ikinguruma, omba izimwe mapema. Wakikataa, hameni chumba.

Sasa swali la pili. Mtaalamu wetu, mama mmoja wa usalama wa chakula, aliulizwa kiwango kinachoruhusiwa ni kipi. Akajibu vizuri kabisa kwa watu wa fani yake: viwango vya Afrika Mashariki vinaruhusu sumukuvu zote kwa jumla zisizidi sehemu 10 kwa bilioni. Nilimwacha amalize, nikakaa kimya kidogo, kisha nikamwambia, "Dokta, hapo kwenye bilioni, mkulima mwenye gunia kumi atakuuliza ni kiasi gani hicho. Utamjibuje?" Akacheka. "Mdogo wangu, hakioni. Gunia kumi za kilo mia ni tani moja. Kwenye tani nzima, sumu yenyewe ni miligramu kumi tu. Ukiishika kwenye kidole huijui."

Jibu la kwanza lina istilahi, la pili lina gunia na kidole. Yote mawili nayahitaji. La kwanza linampa mtazamaji neno atakalokutana nalo kwenye cheti cha maabara, la pili linampa kitu cha kuona. Na jambo kubwa zaidi: jibu la pili limeniandikia orodha ya picha. Gunia kumi. Miligramu kumi. Kidole. Ndiyo maana sipendi kupiga picha za kukatia kabla ya mahojiano. Ukizitanguliza unaishia na zile picha zinazofanana kila mahali: mtu mwenye koti jeupe akidondosha maji kwenye kichupa, mtu akichungulia hadubini. Zinajaza muda, lakini hazimwelezi mtazamaji bilioni ni nini.

Usiku ule niliyasikiliza mahojiano yote na kuandika kila istilahi kwenye karatasi, nikiuliza kila moja: mtazamaji atalihitaji neno hili akiondoka hapa? Jina la Kilatini la fangasi lilikatwa lote. Majina ya mashine za maabara yakaenda nalo. Yakabaki matatu: sumukuvu, sehemu kwa bilioni, na kiwango cha unyevu. Kwa makala ya dakika kumi, matatu yanatosha.

Kwa sehemu kwa bilioni tulikwenda soko la mahindi la Kibaigwa na kupanga gunia kumi mbele ya ghala, tukapiga kwa mbali ili zionekane zote. Kisha tukarudi maabara, tukaomba mzani unaopima hadi sehemu moja ya elfu ya gramu, tukaweka chumvi ya mezani kwenye karatasi nyeusi mpaka mzani ukasoma 0.010. Ni kiasi kidogo sana. Kwenye filamu picha hizo mbili zinafuatana: gunia zinajaza fremu, mara karatasi nyeusi na vumbi jeupe lisiloonekana vizuri mpaka lenzi isogee. Tuliandika chini, kwa herufi kubwa, "Hii ni chumvi, kuonyesha uzito tu", kwa sababu bila maandishi hayo kuna mtu angeondoka akiamini sumukuvu ni unga mweupe.

Kiwango cha unyevu kilitusumbua zaidi, na hapa ndipo nilipojifunza kwamba picha inaweza kuwa nzuri na bado ikapingana na maneno. Dokta alisema mahindi yasihifadhiwe mpaka unyevu ushuke hadi asilimia 13.5 au chini yake. Picha iliyotujia wote haraka ni ya chupa na chumvi, jaribio ambalo maofisa ugani huwafundisha wakulima. Unachukua chupa kavu inayoonyesha ndani, unatia mahindi hadi theluthi moja, unaongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, unafunga, unatikisa dakika moja, unaiacha itulie robo saa. Chumvi ikigandia kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi.

Kamera inaipenda chupa hiyo. Tuliweka kitambaa cheusi nyuma, taa moja pembeni kwa nyuma kidogo ili glasi isiakisi dirisha, na chupa mbili sambamba: moja ya mahindi yaliyoanikwa vizuri, nyingine ya mahindi yaliyotoka shambani. Baada ya robo saa, ya kwanza ilikuwa safi na chumvi yote imelala chini. Ya pili ilikuwa na utando mweupe wa chumvi umeng'ang'ania glasi hadi juu. Hakuna maneno yanayofanya kazi hiyo.

Tatizo ni kwamba chupa ile hubadilika kwenye unyevu wa karibu asilimia 15, si 13.5. Ukimsikilizisha mtazamaji "13.5" huku anaangalia chupa safi, umemwambia chupa safi ni ruhusa ya kujaza ghala. Si kweli. Tukarudi kwa dokta na kumwomba sentensi moja zaidi, akiwa na chupa mkononi: "Hii inakuambia yapi ni mabichi kabisa. Ikiwa safi, endelea kuanika, halafu tafuta kipimo." Baada ya hapo tukakata kwenda kwenye kipimo cha unyevu chenyewe, namba zikisomeka kwenye kioo. Sentensi ile ya ziada haikuwa kwenye maswali yetu. Ililetwa na picha. Ndiyo sababu nyingine ya kuomba mtaalamu akubakishie saa moja ya siku ya pili, akiwa na nguo zilezile.

Neno sumukuvu lenyewe lina mtego wake. Kila mhariri, akisikia neno hilo, mkono unamwendea kwenye hindi lililooza lenye ukungu wa kijani. Ni picha kali, lakini inafundisha uongo: kwamba hindi safi kwa macho ni salama. Dokta alisema wazi kwamba mahindi yanayoonekana mazuri yanaweza kuwa na sumu, na kwamba kuyapika hakuimalizi. Pia sumu haijasambaa sawa gunia zima. Punje chache zinaweza kubeba sehemu kubwa. Kwa hiyo alipotaja sumukuvu mara ya kwanza, tuliweka mahindi meupe, mazuri, yakimiminika kutoka gunia hadi turubai, na hatukuongeza kitu. Hindi lenye ukungu lilikuja baadaye, kwenye sentensi yake mwenyewe, aliposema ukungu ni dalili ya hatari lakini si kipimo.

Kwenye kuhariri nina mazoea machache. Neno gumu likitamkwa mara ya kwanza, napenda uso wa mtaalamu uwe bado unaonekana, midomo ikilitamka, na maandishi ya neno chini yake. Picha ya kukatia inaingia anapoanza kulieleza. Ukikata mapema, mtazamaji anahangaika na mawili: neno asilolijua na picha asiyojua ameletewa kwa nini. Sauti ya picha naiingiza kabla ya picha yenyewe. Mchakacho wa mahindi ndani ya chupa unaanza chini ya maneno ya dokta nusu sekunde hivi kabla chupa haijaonekana. Na kila picha ya kukatia naipiga walau sekunde kumi bila kugusa kamera, hata kama nitatumia nne, kwa sababu maelezo ya mtaalamu huwa marefu kuliko unavyokumbuka.

Kuna kukata kwingine ambako watu hawakuongelei. Picha za kukatia huficha mahali ulipounganisha maneno, na hapo ndipo ulaghai unapoingia bila hata kukusudia. Mtaalamu anasema "inaweza kusababisha", wewe unaondoa "inaweza" kwa sababu sentensi ni ndefu, unafunika na picha ya gunia, na hakuna atakayejua. Naruhusu kuondoa marudio na "eee". Maneno ya tahadhari kama huenda, mara nyingi, kwa kiasi fulani, sigusi. Sentensi ikiwa haifupiki bila kuyatoa, inabaki ndefu.

Kabla ya kufunga kazi, mtaalamu aione filamu ikiwa na picha zake zote, si maneno matupu ya mahojiano. Wengi hutuma maneno pekee yahakikiwe, na makosa yanabaki kwenye picha. Mtayarishaji wetu alikuwa ameweka mahindi chini ya taa ya urujuanimno, yaking'aa rangi ya kijani-njano, juu ya maneno "sumu hii haionekani kwa macho". Dokta aliisimamisha papo hapo. Mng'ao ule hautokani na sumukuvu yenyewe, alisema. Unatokana na kemikali nyingine inayotengenezwa na fangasi haohao, na kuna mahindi yanayong'aa bila sumu na mengine yenye sumu yasiyong'aa. Mtayarishaji aliipigania picha ile kweli, kwani ndiyo ilikuwa nzuri kuliko zote. Tuliitoa, na mahali pake tukamrudisha dokta mwenyewe, akiongea, sekunde kumi na mbili bila kukata.