Barua niliyomwandikia mzee mwenye nyumba kuhusu luku moja ya wapangaji wanne

Mi nakaa Ilomba hapa Mbeya, tuko wapangaji wanne kwenye luku moja, mzee mwenye nyumba yeye yuko Tukuyu. Miaka miwili tulikuwa tunachanga sawa kwa sawa, uniti zikiisha kila mtu anatoa. Mi nina taa mbili, tivii na simu ya kuchaji basi. Chumba cha pili kuna mama anauza mtindi, friji lake linawaka usiku na mchana, na kijana wa chumba cha mwisho baridi ya mwezi wa sita ikianza anachemsha maji ya kuoga kwa hita asubuhi na jioni. Mwezi ule tulinunua umeme wa 50,000, kila mtu akatoa 12,500. Iliniuma sana, maana sabmita zilikuwepo kila chumba, mzee alishazifunga mwaka mmoja nyuma, ila hakuna aliyekuwa anazisoma kwa sababu hatukuwahi kukubaliana hesabu ipigwe vipi.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, usimwandikie mwenye nyumba kabla hujakaa mwezi mzima unasoma mita. Tarehe 1 saa 12 jioni nilipita na jirani mmoja tukapiga picha mita zote pamoja na salio la luku, tarehe 1 iliyofuata saa ile ile tukarudia. Angalia ile namba nyekundu ya mwisho, hiyo ni desimali, ukiisoma kama uniti nzima utamdai mtu mara kumi.

Na kabla ya yote hakikisha mita ni nzima na ni ya kwako kweli. Mi nilizima kila kitu ndani, hadi chaja nikachomoa, afu nikaenda kuangalia kile kitaa chekundu cha sabmita yangu, kikawa bado kinapepesa taratibu. Kumbe taa ya korido ilikuwa imeungwa kwenye laini yangu tangu fundi alipofunga! Tukamwita fundi mwingine mwenye leseni ya EWURA akaihamisha kwenye laini ya nje (mwambie fundi yeyote kazi yake ianzie baada ya meni swichi, lakiri ya luku haiguswi kabisa). Kipimo kingine ni cha birika. Sabmita yangu imeandikwa `1600 imp/kWh`, maana yake kitaa kikipepesa mara 1,600 ni uniti moja. Birika la wati 1,500 likiwaka peke yake linatakiwa kupepesa kama mara 40 kwa dakika. Jioni umeme ukiwa mdogo inashuka kidogo, usishtuke, ila ukipata 20 au 60 hiyo mita usiitumie kumdai mtu.

Jambo la mwisho kabla ya barua, nilienda kwa mama wa mtindi kwanza. Yeye ndo angepanda, nisingependa asikie kwa mwenye nyumba. Nikamwonyesha daftari, akanyamaza kidogo akasema, "Mwanangu, bora nijue friji linakula ngapi, maana mtindi nauza kwa kukisia tu." Ndo nikaandika hivi:

"Shikamoo Mzee. Natumaini hamjambo huko nyumbani, sisi huku ni wazima, baridi tu ndo imekaza. Mzee naomba tuongee kuhusu luku. Mwezi wa sita ulianza na salio la uniti 6.4, tukanunua uniti 136.1, ukaisha na salio la 12.5. Kwa hiyo nyumba nzima imetumia uniti 130. Sabmita zinasema chumba changu 14.2, cha pili 48.6, cha tatu 22.1 na cha nne 36.1, jumla 121. Zile 9 zilizobaki ni taa za nje mbili na ya korido, na kidogo kinacholiwa na mita zenyewe na nyaya.

Naomba kila chumba kilipe uniti zake, na zile 9 za wote zigawanywe kwa vyumba vinne, yaani 2.25 kila kimoja, kwa sababu taa ya nje inamulika milango yote sawa. Bei ya uniti tusiibuni, tuchukue hela iliyonunua umeme tugawe kwa uniti tulizopata. Mwezi huu ni 48,500 kwa 136.1, inakuja 356. Mimi nitalipa 5,856, chumba cha pili 18,103, cha tatu 8,669 na cha nne 13,653. Hela ya uniti 12.5 zilizobaki inaingia mwezi unaofuata.

Mzee, tulilipa 50,000 ila 1,500 ilikatwa kodi ya jengo. Hiyo ni ya mwenye jengo, naomba tukubaliane ipunguzwe kwenye kodi ya chumba cha anayenunua. Na chumba kikikaa wazi, fungu lake la taa za nje tunaomba ulibebe wewe. Wenzangu wote wameona hesabu hii na picha za mita nimezituma kwenye watsap yako. Naomba tuanze tarehe 1 mwezi wa saba, tukiona haifai tunarudi tulikotoka. Ndaga fijo Mzee."

Ile bei ya uniti watu wengi ndo wanakosea, wanaenda na ile 292 wanayoisikia. Hiyo ni kabla ya makato, risiti ina VAT asilimia 18, REA 3 na EWURA 1, ukijumlisha unafika kwenye 356. Na usikubali hesabu ya wale wa uniti za bei nafuu, ile ni ya nyumba isiyozidi uniti 75 kwa mwezi, vyumba vinne kwenye luku moja mnapita hapo bila shida. Hela yetu nayo tulikubaliana kila mtu anatanguliza kiasi alichotumia mwezi uliopita, afu tarehe ya kusoma ndo tunarekebishana, maana luku haisubiri mtu, ikiisha usiku lazima mfuko uwe na kitu.

Mzee alipiga simu kesho yake jioni. Kodi ya jengo alikubali, nikawa nakata mimi kwa vile mi ndo nanunua. Fungu la chumba kilicho wazi alibisha kidogo, akasema yeye hizo taa hazitumii, nikamwambia Mzee hata wewe nyumba yako ikikaa giza wezi watapita, akacheka akakubali.

Mwezi wa saba tukasoma tena, na hapa ndo niliona faida ya kile kitofauti. Zile uniti za wote kutoka 9 zikawa 21. Taa hazikuongezeka, na mita zote nilishazipima, kwa hiyo kuna kitu kilikuwa kinakula nje ya sabmita. Tulikaa wote wanne koridoni, tukazima vyumba vyote tukafuata waya mmoja mmoja, tukakuta soketi ya koridoni, ile tuliyokuwa tunadhani imekufa, inafanya kazi na kijana alikuwa anachomeka hita yake pale kwa sababu ya chumbani ilikuwa inaruka cheche. Hakuwa anaiba, alikuwa anaogopa moto. Tukachanga fundi akambadilishia soketi yake ya ndani na ile ya koridoni akaifunga, kijana akalipa uniti 12 zilizozidi, na mwezi wa nane tofauti ikarudi 9.3.