Simu bilioni moja ziliuzwa, mimi nikapoteza milioni nane

"Wakuu, nina milioni 30, nataka kununua dhahabu mbichi Kahama nikae nayo miaka miwili. Nasikia simu, magari ya umeme na meno ya bandia vinamaliza dhahabu duniani, kwa hiyo bei lazima ipande. Ni kweli? Pia leseni ya broka inachukua muda gani, na ni bora kuhifadhi benki au nyumbani?"

Mkuu, acha kwanza. Ukitaka kununua nunua, lakini si kwa sababu hiyo. Sababu hiyo hiyo ndiyo iliyoniliza mimi mwaka 2013, na nikiiona inaandikwa tena humu tumbo linaniuma.

Mwishoni mwa 2012 nilikaa kwenye semina moja ya hotelini, kiingilio elfu hamsini na soda moja. Jamaa mwenye tai na projekta akatuonyesha picha ya simu iliyopasuliwa, akazungushia duara jekundu sehemu zenye dhahabu. Akasema mwakani zitauzwa simu janja bilioni moja, kila moja ina dhahabu, migodi haiongezeki, pigeni hesabu wenyewe. Tukapiga makofi. Hesabu hatukupiga. Hapo ndipo nilipoibiwa, na wala hakunigusa mfukoni.

Januari 2013 nikachukua mkopo wa milioni 20 kwenye chama chetu cha kuweka na kukopa, riba asilimia 18 kwa mwaka, nikaongeza na akiba yangu. Nikanunua gramu 400 za dhahabu mbichi, usafi kama asilimia 90, kwa 72,000 gramu moja. Jumla milioni 28 na laki 8. Nikaifunga kwenye soksi (ndiyo, soksi, chekeni tu) nikasubiri simu ziuzwe.

Na simu ziliuzwa! Yule bwana wa tai hakudanganya hapo. Mwaka 2013 ndio wa kwanza duniani simu janja kuvuka bilioni moja. Ila Ijumaa ya tarehe 12 Aprili bei ikaanza kuporomoka, na Jumatatu ya tarehe 15 ikamalizia: zaidi ya dola 200 kwa wakia ndani ya siku hizo mbili. Nikajipa moyo kwamba itarudi. Mei na Juni, Bernanke, mwenyekiti wa benki kuu ya Marekani wakati ule, akaashiria kwamba watapunguza kununua hati za serikali. Watu wakaona riba ya dola inakuja, dhahabu haizai riba, wakaitupa. Mwisho wa Juni wakia ilikuwa karibu dola 1,200, wakati Januari ilikuwa juu ya 1,650. Chama wakanipigia kuhusu rejesho. Nikauza kwa 52,000. Milioni 8 zimekwenda kwenye bei peke yake, riba hujaitia bado. Mke wangu aliuliza swali moja tu: "Hizo simu bilioni, wewe ulipewa ngapi?"

Sasa hesabu ambayo nilipaswa kuipiga pale hotelini, kwa kalamu ya bure waliyotugawia. Simu moja ina dhahabu ya miligramu 30 na kitu. Ni kimipako juu ya viunganishi ili visishike kutu, na nyuzi nyembamba kuliko unywele zinazounganisha chipu na miguu yake. Zidisha mara bilioni moja: unapata tani kama 34. Mgodi wa Geita peke yake hutoa tani kama 15 kwa mwaka. Kwa hiyo simu zote za dunia za mwaka ule zilikula kama miaka miwili na kidogo ya Geita. Geita moja, mkuu! Ukijumlisha kompyuta, magari, televisheni na kila kitu chenye chipu, elektroniki zote duniani hazikufika tani 300.

Sasa tazama upande wa pili. Kuna mfuko Marekani unaosomeka GLD kwenye skrini za soko la hisa, ambao hushika vinoo vya dhahabu kwa niaba ya wenye hisa. Mwaka 2013 ulianza na tani zaidi ya 1,300, ukamaliza na karibu 800. Mfuko mmoja, ndani ya mwaka mmoja, uliachia dhahabu nyingi kuliko viwanda vyote vya elektroniki vilivyotumia. Mimi nilikuwa nahesabu wanunuzi wa simu kumbe mwenye ghala amefungua mlango.

Na ghala lenyewe ni kubwa. Dhahabu hailiwi kama mahindi wala haiungui kama mafuta. Karibu yote iliyowahi kuchimbwa bado ipo: kwenye hazina za benki kuu, kwenye vinoo, kwenye bangili za mama zetu. Leo ni zaidi ya tani laki 2. Tani 300 za viwandani, kwa kila kilo ya ghala hilo, ni gramu moja na nusu. Wenye hiyo kilo wakiogopa au wakitamani kidogo tu, mwenye kiwanda anamezwa bila kuonekana.

Ukitaka madini ambayo kiwanda kweli kinashika usukani, tazama paladiamu. Sehemu kubwa yake huingia kwenye vichujio vya moshi vya magari ya petroli na hakuna ghala la maana nyuma yake, ndiyo maana bei yake hucheza na habari za magari. Yule wa semina alichukua hadithi ya paladiamu akaivika dhahabu.

Hata kiwandani kwenyewe mambo huenda kinyume na unavyodhani. Bei ya dhahabu ndiyo inayoendesha kiwanda. Ilipopanda baada ya 2008, watengeneza chipu walihamia nyuzi za shaba, nyingine zikapakwa paladiamu, na mipako ya viunganishi ikapunguzwa unene. Kilichobaki ni pale ambapo hakuna mbadala wa kuaminika, na hapo wanalipa bei yoyote kwa kuwa ni senti chache ndani ya kifaa cha mamia ya dola. Hawatakimbilia Kahama kugombea dhahabu yako.

Meno ndiyo kichekesho zaidi. Miaka ya mwanzo ya 2000 madaktari wa meno duniani walitumia zaidi ya tani 60 kwa mwaka. Wakahamia kauri, zirkonia na aloi za kobalti na kromu, siku hizi ni kama tani 10. Katika kipindi hicho hicho bei ilitoka dola 400 na kitu mwaka 2004 ikavuka 2,000 mwaka 2020. Yaani mteja ameondoka na bei imepaa mara tano! Bibi yangu wa Tanga alikuwa na jino la dhahabu mbele, na hakuna siku alipotabasamu soko la dhahabu la London likashtuka.

Kwa hiyo ukitaka kujua kama unanunua wakati mzuri, usiniambie magari ya umeme. Niambie benki kuu zinanunua au zinauza, riba ya Marekani inaelekea wapi, na ile mifuko kama GLD tani zake zinaongezeka au zinapungua wiki hizi. Hiyo ya mwisho huchapishwa kila siku ya soko, bure, bila kiingilio wala soda. Mimi nilianza kuisoma Julai 2013, soksi ikiwa tupu.

Na hiyo milioni 30, ni yako au ni ya mkopo? Jibu hapa hapa kabla hujapanda basi la Kahama.