Kaka amebaki mifupa, nimpangieje msosi?

"Kaka yangu yuko Moshi, kapona homa ya mapafu ila amekonda, urefu 1.70 kilo 48. Nimpe nini?"

Pole dada. Chukua 48 gawanya kwa jibu la 1.70 mara 1.70, unapata BMI 16.6, na mtu mzima akiwa chini ya 18.5 ni uzito pungufu, kwahiyo huyo yuko chini kweli. Ila mcheki miguu kwanza, kama imevimba hizo kilo zina maji ndani na BMI inakudanganya, hapo pima mzunguko wa mkono wa kushoto katikati ya bega na kiwiko, mkono uning'inie tu, tepu usiikaze. Chini ya sentimita 22 ni utapiamlo.

Msosi usimlundikie sahani, atashindwa, mpe kidogokidogo mara 5 au 6. Asubuhi uji wa ulezi wenye maziwa na karanga zilizosagwa, saa nne yai na parachichi, mchana mtori wenye nyama uongeze siagi, jioni wali maharage na kijiko cha mafuta. Chai anywe baada ya kula, inajaza tumbo bure.

Kama siku 5 hivi hajala karibu chochote, aanzie hospitali, kumshindilia ghafla ni hatari. Wampime na TB.